Nani Anashika Swichi? Muziki wa Msiba Mmoja Rungwe

Alhamisi saa mbili usiku nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la mama mkubwa, kijijini, juu kidogo ya Tukuyu, daftari mapajani na tochi ya simu begani. Mvua ilikuwa inapiga turubai kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati. Kwenye daftari kulikuwa na nyimbo 17, na mbele yangu walikaa watu watano, kila mmoja akiwa na wimbo wa mwenzake anaotaka nifute.

Mama mkubwa alifariki Jumatano mjini Mbeya. Alikuwa Mmoravian tangu kubatizwa, na kwa miaka mingi aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Lakini nyumba yake haikubaki ya dhehebu moja. Kaka, mtoto wake wa kwanza, alisilimu zaidi ya miaka 20 iliyopita na ana duka Mwanjelwa. Dada anayemfuata ni Msabato. Mdogo wetu wa mwisho anasali kwa Wapentekoste na ana kikundi chake cha kusifu, chenye kinanda na spika mbili kubwa. Baba mdogo, ndugu wa marehemu mumewe, kanisani huenda Krismasi, ila hakuna mazishi ya mtu mzima anayoyaona yamekamilika bila ngoma. Mimi nafundisha kwaya, ndiyo maana kamati ya mazishi ilinikabidhi muziki, kwa maneno haya ya mama mdogo: "Wewe ndiye unayejua nyimbo, mwanangu. Tupangie, watu wasigombane mbele ya jeneza."

Siku yenyewe ilipatikana upesi kuliko nyimbo. Jumamosi ni Sabato ya dada, inayoanza jua likizama Ijumaa. Kaka alitaka mama asikae sana mochwari, na Ijumaa saa saba alikuwa na swala yake. Mchungaji akasema Ijumaa saa tisa alasiri anaweza. Tukapata dirisha la saa chache, katikati ya swala ya Ijumaa na machweo, na humo ndimo muziki wote ulitakiwa kuingia.

Wazo la kwanza la kila mtu, hata langu, lilikuwa kutafuta nyimbo za wote. Nyimbo zisizotaja sana, zenye Mungu tu, ambazo hata Mwislamu angeimba. Nilipoteza saa nzima humo, mpaka kaka, aliyekuwa amenyamaza muda wote akichokonoa moto, akasema: "Mdogo wangu, usinitafutie wimbo. Mama alikuwa wa kwaya, mwimbieni nyimbo zake. Mimi naomba tu nisiambiwe nisimame niimbe, na nipate mahali pa kukaa kimya."

Maneno hayo yaligeuza kazi yangu yote. Kwa Mwislamu, ibada ya maziko haina wimbo wa kupunguza wala kuongeza. Swala ya jeneza husimamwa tu, kwa takbira nne, bila rukuu wala sijda, na wengi hawaoni mahali pa ala za muziki msibani. Kwa hiyo wimbo wa Kikristo ulioondolewa jina la Yesu haumsaidii kaka chochote. Bado ni wimbo, bado ni ibada ya wengine, na akina mama wa kwaya wanabaki na wimbo uliochunwa ngozi. Mama alikuwa Mkristo, mazishi ni ya Kikristo, na kaka alilielewa hilo kuliko sisi. Shekhe wake alikuwa amemwambia kwamba hatamswalia mama, lakini kumzika mzazi wake hakatazwi. Alichohitaji kilikuwa nafasi na ukimya.

Hata hivyo si kila wimbo wa Kikristo ulifaa. Nilirudi kwenye zile 17 nikaacha kuuliza ni za dhehebu gani. Nikawa nauliza kila wimbo: hapa nani anazungumza, na anamwambia nani?

Ziko zinazomwambia Mungu. Hizi ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu asiyeamini hivyo anasikia tu mwenzake akiomba, na hakuna anayevamiwa. "Kaa Nami", iliyomo kwenye Tenzi za Rohoni, ni ya namna hiyo. Henry Francis Lyte aliandika maneno yake ya Kiingereza mwaka 1847, akiwa mgonjwa na karibu na mwisho wake, na wimbo wote ni mtu anayemwomba Bwana abaki naye giza linapoingia. Haumwambii mfiwa lolote, wala hauelezi marehemu yuko wapi.

Ziko zinazomwambia marehemu: pumzika mama, lala salama, tutakukumbuka. Mchungaji hakuzipenda ndani ya ibada. Alisema ibada inazungumza na Mungu na walio hai. Tukazihamishia kwenye kuaga mwili asubuhi, ambako hazikumsumbua mtu.

Ziko zinazoeleza marehemu yuko wapi sasa. Hapo dada aliinua mkono. Wasabato wanaamini kwamba mfu amelala, hajui neno lolote, kama Mhubiri 9:5 inavyosema, mpaka siku ya ufufuo. Wimbo unaosema mama tayari yuko mbinguni anatutazama, kwake ni kuambiwa uongo juu ya mama yake mwenyewe. Wimbo wa ufufuo na parapanda anauimba kwa sauti yote. Mkatoliki naye, kama yule shemeji yetu wa Iringa, huwaombea wafu raha ya milele na mwanga, jambo ambalo Mmoravian wala Msabato haliimbi. Tofauti hizi huzioni mpaka usome beti, kwa sababu juu juu nyimbo zote ni za mazishi.

Na ziko zinazomwambia mwombolezaji: wewe uliyebaki, utaenda wapi, okoka leo kabla mlango haujafungwa. Mdogo wetu alikuwa ameleta nne za hivyo, na nia yake ilikuwa njema, maana kwao msiba ni mahali pa kuokoa watu. Lakini wimbo huo ukiimbwa mbele ya kaka na rafiki zake 30 waliotoka msikitini, wameketi mbele kama wafiwa, unakuwa umewanyooshea kidole na hawana pa kwenda. Ni hizi tu nilizozikata bila kubembeleza. Mdogo wetu alinuna. Nikampa badala yake jioni ya Alhamisi ileile, mkesha wa majirani, aimbe na kikundi chake mpaka saa nne usiku.

Zikabaki sita kwa ajili ya Ijumaa.

Sasa suala la ala. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na huko walikotoka Ulaya walikuwa na desturi ya kale ya kutangaza kifo kwa kundi la tromboni. Desturi hiyo ya kupuliza shaba makaburini inaishi mpaka leo kwenye bendi zetu za matarumbeta, na kwa mama mkubwa isingewezekana zikosekane. Mdogo wetu alitaka kinanda kiongoze. Nilikataa kwa sababu ya kiufundi, nikamshukuru Mungu kwamba sababu ya kiufundi ipo. Kutoka uani hadi kaburini, chini kwenye migomba, ni kama mita 200 za njia ya utelezi. Jenereta haitembei. Tarumbeta zinatembea.

Tarumbeta zikiongoza, zinaamua na kimo cha sauti. Kwaya yangu ya vijana ilizoea "Kaa Nami" kwa Doh ni G, na inapendeza siku ya tamasha. Msibani watu wamelia siku mbili, koo zimekauka, na wanaoimba wengi si kwaya. Nikaishusha hadi Doh ni E flati. Hapo noti ya juu kabisa ya wimbo inafika C, ambayo bibi wa miaka 70 anaifikia bila kupiga kelele, na kwa tarumbeta ya B flati ni ufunguo mwepesi ambao hata mpulizaji mchanga haukosei. Ukipandisha wimbo wa msiba, wasiojua kuimba wananyamaza, kisha inabaki kwaya peke yake ikitumbuiza.

Kuhusu ngoma, mzee wa kanisa alikuwa mkali. Alisema ngoma ni ya kipagani na haitaingia uwanjani siku hiyo. Baba mdogo akamjibu kwa upole uliotutisha zaidi kuliko ukali: "Sisi wanaume tutalia kwa nini basi? Wanawake wana sauti zao, kwaya ina nyimbo zake. Sisi?" Ukweli ni kwamba anachosema kina historia. Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika makala mwaka 1939 kuhusu desturi zao za mazishi, na ndani yake wanawake wanalia huku wanaume wakicheza kwa ngoma na mikuki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wanaume msibani, na wala haikuwa burudani. Nikamweleza mzee wa kanisa hivyo. Hakukubali kwamba ni jambo jema, ila alikubali kwamba baada ya baraka ya mwisho mchungaji akishaondoka, uwanja ni wa familia. Tukaandika: ngoma, saa kumi na moja na nusu, upande wa chini wa nyumba, kabla ya chakula. Dada akasema yeye saa hiyo atakuwa njiani kurudi Tukuyu kuiwahi Sabato, kwa hiyo hana neno.

Ijumaa kulikucha bila mvua. Mwili ulifika saa nne asubuhi, kaka akaaga mapema kabisa kabla uwanja haujajaa, kisha akateremka Tukuyu kuswali Ijumaa, akarudi saa nane na wenzake. Tuliwawekea viti kwenye turubai la pembeni, upande wa familia, wakitazama jeneza lakini mbali na spika. Umbali ule ulinigharimu mabishano na vijana wa viti, ambao kwao heshima ni kumweka mtu mbele kabisa. Kaa mbele kabisa ya spika ya msibani uone kama ni heshima.

Ibada ilianza saa tisa na dakika kumi. Mshereheshaji alikuwa na maelekezo ya neno moja ambayo nilimrudishia mara tatu: asiseme "tusimame wote tuimbe", aseme "kwaya itatuongoza, wanaopenda waungane". Alikumbuka mara mbili kati ya tatu. Zaburi ya 23 ilisomwa, haikuimbwa, na hilo lilikuwa ombi la kaka. Waislamu wanatambua kwamba Daudi alipewa Zaburi, ingawa hawaisomi kama tunavyoisoma sisi, na neno lililosomwa mtu anaweza kulisikiliza akiwa ameketi bila kuonekana ameshiriki au amegoma.

Kosa langu la kwanza lilitokea kwenye wimbo wa tatu. Niliuchagua kwa sababu ubeti wa kwanza na kiitikio ni vya ufufuo, na dada alikuwa ameukubali kwa kusikia kiitikio hicho. Aliimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Kwenye wa tatu akafunga mdomo, akatazama chini, akaanza kukunja na kukunjua kona ya kanga. Ndipo nikausikia ubeti wenyewe: mama amefika, amevikwa taji, anaimba na malaika sasa hivi. Usiku ule nilikuwa nimesoma ubeti wa kwanza wa kila wimbo, basi. Watunzi wa nyimbo za mazishi hupenda kuanza na huzuni, kupita kwenye tumaini na kumalizia mbinguni, kwa hiyo palipo na mgogoro ni mwishoni, pale ambapo mtu anayepanga kwa haraka hafiki. Wimbo ule ulikuwa na beti nne. Ningeimbisha mbili tu, kusingekuwa na tatizo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa, na lilisikika mpaka barabarani. Ibada ilipoisha, saa kumi na dakika chache, majirani walipanga mstari kutoa heshima za mwisho. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hapo hakuna muziki. Kaka na wenzake walikwenda nyuma ya migomba ya jirani kuswali alasiri, na mstari ule mrefu ungewapa muda wa kutosha. Wamesimama safu mbili, mikeka chini, imamu ameshaanza. Ghafla spika zote mbili zikalipuka: mapambio ya kasi, besi inagonga mpaka maji kwenye ndoo yanatetemeka.

Nilikimbia. Fundi mitambo, kijana mwema kabisa, alikuwa ameona uwanja umetulia akadhani kuna kitu kimeharibika, akachomeka flashi yake. Kwake uwanja wa msiba ukinyamaza ni aibu ya fundi. Nilipomwambia zima, alipunguza. Nikamwambia zima kabisa, akaniuliza, "Kimya kimya hivi, mwalimu?" Mjukuu mmoja wa miaka kama tisa akamaliza ubishi kwa kuchomoa waya kwenye ekstensheni.

Nilikuwa nimekosea kwenye daftari. Niliandika nyimbo na saa zake, sikuandika nafasi zilizo katikati. Kwenye ratiba yangu kulikuwa na wimbo wa nne, kisha wimbo wa tano, na kati yao dakika 20 ambazo mimi nilijua ni za ukimya na fundi alijua ni zake. Kitu kisichoandikwa msibani kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mwenye flashi. Siku hizi nikipanga, naandika KIMYA kama kipengele kinachojitegemea, kwa dakika zake, na mbele yake jina la mtu mmoja wa familia anayeshika swichi. Fundi naongea naye asubuhi kabla hajafunga nyaya, na flashi yake naishika mimi.

Kaka alirudi kutoka migombani bila kusema kitu. Mmoja wa wenzake alikuwa amekasirika, akataka waondoke. Kaka akamshika mkono, "Huyu ni mama yangu, ndugu yangu. Twende."

Tukateremka kaburini na tarumbeta. Wimbo ulikwenda polepole kwa hatua za wabeba jeneza, na mara mbili bendi ilirudia ubeti bila kwaya kwa sababu njia ilikuwa na utelezi na watu waliogopa kuimba huku wanatazama miguu. Baadhi ya wenzake kaka walibaki nyuma mpaka tarumbeta zikaacha, ndipo wakasogea. Hatukuwauliza.

Jeneza liliposhuka, nilikuwa nimeomba kimya, na safari hii kilikuwepo maana hakukuwa na umeme. Mchungaji akatupa udongo mara tatu, na maneno yake. Kisha familia. Kaka alichukua udongo kwa mikono yote miwili, akatupa mara tatu, midomo ikisema kitu cha chini. Waislamu nao hutupa mateko matatu. Hakuna aliyepanga yafanane. Tulizoea kuanza wimbo mara tu mchungaji anapomaliza, na udongo wa familia unafukiwa na kwaya. Siku ile ulisikika wote, kila teko likigonga mbao, na sijawahi tena kuanza wimbo mapema pale.

Wimbo ulianza majembe yalipoanza. Kujaza kaburi kulichukua karibu dakika 20, na hapo ndipo ilipoingia "Kaa Nami", beti zote, kisha tarumbeta peke yake, kisha tena. Dada aliimba. Shemeji wa Iringa aliimba. Baba mdogo hakuimba, alikuwa na jembe.

Ngoma ilipigwa saa kumi na moja na nusu, ngoma tatu, wanaume kama 15, bila mikuki, wengine na fimbo. Haikuzidi nusu saa. Mzee wa kanisa alikuwa bado hajaondoka. Alisimama kwenye kona ya nyumba na mwavuli wake, akitazama upande wa barabara, lakini hakwenda barabarani. Nadhani tuliiweka mwishoni mno. Baadhi ya wazee waliotoka Kyela walikuwa wameshapanda gari, na baba mdogo bado ananikumbusha kila tukikutana. Ningeipanga upya ningeiweka asubuhi, mwili ulipofika, kabla mchungaji hajaja.

Mwaka huu tunajengea kaburi, na kutakuwa na ibada fupi ya kumbukumbu. Kaka amesema atatoa saruji na usafiri wa bendi. Ameomba jambo moja, kwamba tarumbeta zianze zenyewe, bila kwaya, mzunguko mmoja kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Nilimuuliza kama wenzake hawatamsema. "Watanisema," akajibu. "Lakini ule wa kaburini nimeurekodi kwenye simu. Hauna maneno."

Mdogo wetu naye ameshaleta orodha. Nyimbo 11, na safari hii beti zote zimeandikwa.